Hakuna Aliyeacha

Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi wa Mei, mwaka 1953, saa moja na robo asubuhi, Mwalimu Melkizedeki alikuwa akiita majina ya wasichana wa mwaka wa kwanza wa kozi ya ualimu. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kizingitini, na mpishi, Mzee Chande, alikuwa akikwangua ukoko wa uji kwenye sufuria. Mwalimu alipofika jina la tisa, Esta Yusto, aliitikiwa "Nipo". Akatia alama ya vema, akaendelea na jina la kumi. Esta alikuwa amezikwa Jumatatu.

Alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, dawati la tatu upande wa dirisha, bega kwa bega na Eliwaza Filemoni, kiranja wa darasa. Gauni lake la shule lilikuwa limelowa chapachapa, na udongo mwekundu ulikuwa umeganda kwenye nywele. Eliwaza alivuta madaftari yake yasilowe, kisha akamsogezea kalamu, kwa kuwa ya Esta ilikuwa imepotea mtaroni.

"Mmefika wapi?" Esta aliuliza.

"Kugawanya sehemu."

"Basi sijakosa kitu."

Jinsi alivyokufa hakukuwa na asiyejua. Mwanzoni mwa Juni ilikuwa inakuja sikukuu ya kutawazwa kwa Malkia, na mkuu wa shule, Bibi Pelham, alitaka siku hiyo kuwe na kidimbwi cha maua mbele ya ukumbi. Maji yangetolewa kwenye ndiva, bwawa la wakulima lililokuwa juu ya shule, yapitishwe kwenye mtaro uliokata kilima, na mahali pengine mtaro huo ulizidi kimo cha mtu. Waliochimba ni wasichana, kila siku baada ya chakula cha mchana, masika yakiwanyeshea migongoni. Jumamosi ile ukingo wa mtaro ulipasuka. Ufa ulikuwa mpana kiasi cha kiganja kuingia. Esta mwenyewe ndiye aliyeingiza kiganja akawaonyesha wenzake, nao wakamtuma Eliwaza, kwa kuwa kiranja ndiye msemaji wa wote.

Eliwaza alimkuta Bibi Pelham barazani akiandika. Njiani maneno yote alikuwa nayo. Alipofika akasema, "Samahani, Bibi. Wenzangu wanaogopa kidogo."

"Mvua haijawahi kumuua mtu," Bibi Pelham akasema bila kuinua kichwa. "Waambie wamalize."

Eliwaza akarudi, akawaambia wamalize. Ukingo ulianguka saa kumi na dakika chache. Walimfukua Esta kwa mikono, na baba yake, Mzee Yusto, akaja na ndugu zake wanne kumchukua kwa machela. Mtaro ulimaliziwa na vibarua wa kukodi. Katika kitabu kikubwa cha shule, mbele ya jina la Esta, Bibi Pelham aliandika kwa mkono wake: *Ameacha masomo kwa hiari yake.* Barua ya maneno hayohayo ilipelekwa kwa Mzee Yusto, naye akaomba asomewe mara mbili, akidhani msomaji amekosea.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Melkizedeki aliitwa ofisini. Aliporudi, aliita jina la nane, akaruka, akaita la kumi. Esta aliitika hivyo hivyo, "Nipo", kwenye ile nafasi ya kimya aliyoiacha mwalimu. Ikawa hivyo mpaka mwisho wa kozi.

Esta alisoma kama wenzake. Alikula kidogo. Godoro lake lilianikwa kila asubuhi na halikukauka hata siku moja. Zamu yake ya kufagia aliishika, ila wenzake walimwomba afagie nje, kwa maana ndani alikuwa akifagia huku analowesha. Mitihani aliifanya, karatasi zake zikasahihishwa, na kwenye saikolojia ya watoto alipata alama sabini na moja, zikawekwa kabatini pasipo kuandikwa popote. Mzee Yusto alikuwa akipitia shuleni siku za gulio, akimletea kanga kavu.

"Mwanangu, umekonda," alikuwa akisema.

"Mtihani, baba."

"Rudi basi nyumbani."

"Sijamaliza."

Mzee alikuwa akimtazama Eliwaza kana kwamba anataka kumuuliza jambo, kisha anachukua kanga iliyolowa, anaikamua na kwenda zake. Eliwaza hakuweza kumtazama usoni. Nusu ya hasira yake ilimhusu yeye mwenyewe. Alikuwa amepewa ufa unaopitisha kiganja, akapeleka "wanaogopa kidogo".

Novemba ya mwaka wa pili, darasa lilikutana kuchagua msomaji wa hotuba ya mahafali. Hedwiga ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa alama, na wengi walidhani atachaguliwa yeye. Hedwiga akakataa. "Mimi nikisimama pale watu wataona alama zangu," alisema. "Hawatatuona sisi." Wakamchagua Eliwaza. Alipotaka kukataa, Koleta, ambaye hakuwa na simile katika kusema, akamwambia, "Ulishatusemea mara moja ukaharibu. Safari hii utatusemea vizuri."

Rasimu ya kwanza aliiandika siku mbili. Ilianza hivi: "Mimi Eliwaza binti Filemoni nina heshima kubwa isiyo kifani." Aliisoma jikoni, mbele ya rafiki yake Ruthi aliyekuwa akimenya ndizi mbichi za kupika.

"Hii ni harusi yako?" Ruthi akauliza. "Nimehesabu 'mimi' kumi na moja. Na hapa umeandika kwamba uongozi wako uliwaunganisha wenzako. Uliniunganisha na nani?"

Akaandika ya pili. Hiyo haikuwa na "mimi" hata moja. Ilikuwa na elimu ni taa, na elimu ni bahari, na safari ilikuwa ndefu yenye milima na mabonde. Ruthi aliisikiliza mpaka mwisho, akachukua ndizi nyingine.

"Nzuri. Mpelekee yeyote wa shule yoyote, ataisoma. Kesho kutwa wakihitimu mafundi seremala, wapelekee nao."

"Unataka nini basi?"

"Nataka mtu akisikia ajue ni sisi."

Eliwaza akachana zote mbili. Siku iliyofuata alichukua daftari jipya akamwendea kila mmoja, mmoja baada ya mwingine, na swali moja: "Nipe kitu kimoja tulichokifanya sisi, ambacho wengine hawakifahamu." Wengi mwanzoni walimpa taa na bahari. Alinyamaza na kalamu mkononi mpaka aibu ikawashika wakasema kweli. Koleta alitoa habari ya mwezi wa maharage yenye wadudu, walipokuwa wakiyachagua mezani huku wakisomeana mashairi ili wasiyatazame sana. Mwingine alikumbusha siku ubao ulipopauka, wakaupaka masizi yaliyopondwa na majani ya viazi vitamu. Ruthi alitoa habari yake mwenyewe, somo lake la kwanza la majaribio, alivyosahau kila kitu akawasalimia watoto mara tatu, nao wakaitikia mara tatu bila kulalamika. Hedwiga alisema yeye hana cha kutoa, ila ndizi. Ndizi ni kwamba usiku wa kuamkia mtihani wa hesabu aliwafundisha sehemu wale waliokuwa nyuma kwa kukata ndizi mbivu, wakakata mpaka ndizi zikaisha.

Kisha kazi ya kupunguza. Eliwaza alijiwekea masharti. Kila sentensi aliiuliza: wengine wakisimama waiseme, itawafaa? Ikiwafaa, aliifuta. Inamnyanyua mmoja juu ya wenzake? Akaigeuza: badala ya "Hedwiga alitufundisha" akaandika "tulifundishana sehemu kwa kukata ndizi, mpaka ndizi zikaisha na sehemu zikaeleweka". Inamwaibisha mtu? Alimwendea mwenyewe kwanza akamwomba ruhusa. Shukrani nazo hazikutajwa kwa mkupuo. "Tunawashukuru walimu wote kwa kila kitu" aliifuta, akaandika kwamba Mzee Chande aliwatunzia makaa ya pasi kila Jumamosi miaka miwili, asidai ahsante. Na kila jioni aliyasoma yaliyobaki mbele ya darasa zima. Aliyesikia neno ambalo hakubaliani nalo alinyoosha mkono, neno likatoka.

Esta alikuwa wa mwisho kuulizwa. Eliwaza alikuwa akimkwepa. Walikutana kambani wakati wa kuanika godoro.

"Wenzangu wote umewauliza," Esta akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi ni darasa."

"Ndiyo." Eliwaza akafungua daftari. "Niseme nini, Esta? Niseme ufa? Niseme kiganja? Nikisema hayo watanishusha jukwaani kabla sijamaliza."

Esta aliukung'uta mto, matone yakaruka.

"Sema sikuacha," alisema.

Jioni ile Eliwaza alisoma sentensi mpya mbele ya darasa: "Tuliingia pamoja ishirini na watatu, na hakuna aliyeacha." Hakuna aliyenyoosha mkono. Hapo pakafuatia desturi ya mahafali yote: "Wenzangu, naomba msimame, wazazi wetu wawaone."

Hotuba ilipelekwa kwa Mwalimu Melkizedeki iangaliwe. Aliisoma mezani kwake kwa penseli nyekundu, Eliwaza amesimama. Wadudu wa maharage aliwafuta. Masizi aliyaacha. Alipofika "ishirini na watatu" penseli ikasimama. Alitazama dirishani, ambako Esta alikuwa akipita na ndoo, akatazama tena karatasi.

"Idadi haina haja," alisema taratibu, akaipiga mstari. Sentensi ikabaki: *Tuliingia pamoja, na hakuna aliyeacha.* Penseli ilikaa juu yake muda mrefu. Kisha ikapita.

"Salamu umezipanga vibaya," akasema. "Bwana DC kwanza, kisha Mfumwa, chifu wetu, kisha Mchungaji, kisha Mkuu wa Shule, walimu, wazazi. Darasa lako mwisho. Na dakika tano. Nitashika saa."

Karatasi ikapanda kwa Bibi Pelham. Ilirudi na wino wa buluu. Alikuwa ameongeza mahali pa kumshukuru Malkia, na chini ya *hakuna aliyeacha* alikuwa amepiga mistari miwili na kuandika pembeni: *Vizuri sana. Itaisifia shule.*

Eliwaza aliusoma ule wino mara nyingi. Alikuwa ametarajia hila, au woga, au hata aibu ndogo iliyofichwa. Hakukuwa na kitu. Mama yule alikuwa amesahau. Alikuwa amemwandika binti wa watu kwamba ameacha kwa hiari, akakausha wino, akasahau. Eliwaza akaikunja karatasi, akaenda kumtafuta Ruthi.

Wiki mbili alifanya mazoezi uwanjani. Ruthi alisimama kule mwisho, penye migomba, akiinua mkono kila neno lilipomezwa na upepo. Eliwaza alijifunza kutua baada ya kila salamu, kutokimbilia mwisho wa sentensi, kushika karatasi ya kuonekana tu na maneno kuwa kichwani. Alijifunza pia kutopaza sauti penye hasira. "Ukifoka watakutazama wewe," Ruthi alimwambia. "Sema kama unayesoma bei ya chumvi."

Siku ya mahafali, Desemba, jua lilikuwa kali na kidimbwi kimejaa mayungiyungi. Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuwa amepanda kutoka Same kwa gari, mzungu mrefu aliyejua Kiswahili vizuri kuliko wengi. Wazazi walikaa kwenye mabenchi nyuma. Mzee Yusto alikuja na kanga kavu kwapani kama siku za gulio, ingawa mwaliko hakupata.

Eliwaza akapanda jukwaani. Akasalimu kwa mpangilio aliofunzwa. Akamshukuru Malkia. Akasema habari za ubao na masizi, watu wakatabasamu. Akasema habari za salamu tatu, watoto wa kijijini walioitikia siku ile wakapiga kelele za furaha ukutani. Akasema ndizi, na Hedwiga akainamisha kichwa. Akasema makaa ya pasi. Mzee Chande, aliyekuwa kwenye mlango wa jiko, akavua kofia, akaivaa tena. Kila aliyekaa pale alikuwa anaona shule hii, si nyingine.

"Tuliingia pamoja," Eliwaza akasema, "na hakuna aliyeacha."

Akatua, kama alivyofunzwa.

"Wenzangu, naomba msimame, wazazi wetu wawaone."

Wakasimama ishirini na wawili wenye magauni meupe yaliyopigwa pasi, na wa ishirini na tatu katikati yao, safu ya pili, gauni limemganda mwilini, udongo kwenye nywele. Maji yalimtoka miguuni yakapita chini ya viti vya mbele hadi kwenye viatu vya Bwana DC. Wazazi walihesabu. Wapare ni watu wa kuhesabu. Ng'ombe akikosekana mmoja huonekana kabla ya zizi kufungwa, na akizidi mmoja vilevile.

Eliwaza hakuwa amebadili neno hata moja la karatasi.

Mzee Yusto akasimama naye. "Shikamoo Bwana DC."

"Marahaba," akajibu DC, kwa mazoea, ingawa mzee alimzidi miaka ishirini.

"Binti yangu ni yule aliyelowa. Nimeletewa barua kwamba aliacha. Nauliza, aliacha siku gani?"

DC akamgeukia Bibi Pelham. Bibi Pelham alikuwa akitazama karatasi yake, pale penye mistari miwili ya buluu.

"Kitabu cha shule kinasema aliacha kwa hiari," alisema hatimaye.

"Nilifukiwa, Bibi," Esta akasema kwa adabu.

DC alisogeza viatu vyake pakavu. "Jambo hili lina utaratibu wake," akasema. "Lileteni ofisini, Same, Jumatatu." Kisha vyeti vikatolewa. Vilikuwa ishirini na viwili. Esta alipanda jukwaani kwa zamu yake, baada ya wa nane. DC akampa mkono, akaufuta kwa leso, akasubiri jina la kumi.

Jumatatu waliteremka watatu, Mzee Yusto, Esta na Eliwaza, kwa miguu mpaka barabara kuu na kwa lori mpaka Same. Dereva alimkalisha Esta nyuma, juu ya turubai. Karani wa ofisi, Swalehe, kijana mpole mwenye kanzu safi, aliwakaribisha na kufungua faili. Alisoma, akaingia ndani kwa DC, akatoka, akaingia tena. Mwishowe akaja kukaa nao benchini, ajabu kwa karani.

"Mzee wangu," alimwambia Mzee Yusto, "nikueleze walivyoniambia. Kama ni marehemu, serikali haimpi marehemu cheti. Kama ni hai, basi yeye ni yule wa kwenye kitabu, aliyeacha kwa hiari."

"Mimi nilimzika."

"Nakuamini."

"Basi andika kwamba nilimzika, na aliyemuua."

"Kitabu ni cha shule, mzee. Anayeweza kukisahihisha ni aliyekiandika."

Eliwaza aliinuka. Safari hii hakuomba samahani. Alisimama mlangoni kwa DC akasema yote: Jumamosi, masika, mtaro uliozidi kimo cha mtu, ufa wa kupitisha kiganja, nani aliambiwa, kwa maneno gani, na alijibu nini. Alisema polepole, kama anayesoma bei ya chumvi. DC alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema ameeleza vizuri sana, na kwamba walimu wa namna hii wanahitajika. Juma lililofuata barua ya kazi ilimfikia. Shule ya Usangi aliyoahidiwa ilikuwa imepewa mtu mwingine; yeye apelekwe Bendera, kule chini kwenye joto na mbu, kwa mahitaji ya kazi.

Mzee Yusto alirudi mlimani peke yake. Esta alisema yeye atasubiri. Swalehe akamsogezea benchi kwenye kona isiyo na makabati, karatasi zisije zikalowa.

DC yule alihamishwa, akaja mwingine, akaja wa tatu. Kila aliyeingia alielezwa habari ya benchi pamoja na habari za kodi na za barabara, akatikisa kichwa akasema litaangaliwa. Wenye mashauri waliofika asubuhi walimsalimia Esta kabla ya kukaa. Wengine walimwomba awaandikie barua zao, maana mwandiko wake ulikuwa wa kialimu, naye aliwaandikia kwa mkono ulionyooshwa mbali ili matone yasidondoke kwenye karatasi. Bibi Pelham alistaafu kwa heshima, na kitabu cha shule kikateremshwa Same kuhifadhiwa.

Kila muhula ulipokwisha, Eliwaza alipanda kutoka Bendera kuchukua chaki na madaftari ya wanafunzi wake. Alimsalimia Esta, wakaulizana habari za darasa. Hedwiga yuko wapi, Koleta kaolewa na nani, Ruthi bado anawasalimia watoto mara tatu? Kisha alikwenda kaunta.

"Naomba kitabu, kaka Swalehe."

Swalehe alikileta bila kuuliza kipi, akakifungua ukurasa ule. Eliwaza alisimama wima akiwaelekea watu wote waliojaa barazani, wauza kuku, wenye kesi za mashamba, wazee wa kodi, akasoma kwa sauti ya kufika mwisho wa uwanja: "Esta Yusto. Ameacha masomo kwa hiari yake."

"Uongo," watu wa barazani waliitikia.

Swalehe akafunga kitabu, akakirudisha kabatini. Eliwaza akatia sahihi ya chaki, maboksi mawili, akatoka kulitafuta lori.